Orodha ya Bi Pofu

Paukwa!

Pakawa!

Wenye masikio mpo?

Tupo, mwenye mdomo!

Palikuwa na nini?

Sema wewe!

Palikuwa na maneno mengi na maji kidogo. Haya, sogezeni miguu, moto huu ni wa wote. Leo nimechoka, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke mapema.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na baraza lao la kutunga sheria, Spika wao alikuwa Bi Pofu. Mnamjua pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, mpole, shingo nene, na akitembea magoti yake hulia ta, ta, ta. Walimchagua kwa sababu hakuwa na ugomvi na mtu. Walimkalisha juu ya kichuguu, na kila aliyetaka kusema alisimama akaanza, "Mheshimiwa Spika." Katika baraza lile hukusema na mwenzako uso kwa uso. Maneno yote yalipitia kwa Bi Pofu, matamu na machungu, na machungu ndiyo yaliyokuwa mengi.

Mwaka huo mvua ilikataa. Kisima kilibaki kimoja, na Tembo alikizungushia boma la miba. Mwenye miguu mirefu aliruka akanywa. Mwenye miguu mifupi alisimama nje akasikia wenzake wakinywa.

Basi Digidigi, mnyama mdogo kuliko swala wote, akapeleka hoja barazani. Nyumbani alikuwa na mtoto aliyekuwa akilamba mawe. Akasimama, akasema, "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja kwamba boma lifunguliwe upande mmoja, wanyama wadogo tunywe asubuhi." Akakaa. Hakuongeza neno.

Sasa sikilizeni kanuni zao, maana hadithi yote imo humo. Hoja hujadiliwa siku tatu, si zaidi. Jua likigusa kilima, kikao kimekwisha. Aliyetoa hoja ndiye huhitimisha, na isipohitimishwa haipigiwi kura. Hoja ikifa, hairudi mpaka msimu mwingine. Halafu ipo kanuni ya utaratibu: mnyama akisimama akasema "Kuhusu utaratibu!", anayeongea hukaa, hata kama neno liko nusu mdomoni, mpaka Spika aamue.

Siku ya kwanza alisimama Nguchiro kuchangia, na badala ya kisima akamchangia Ngiri. "Mheshimiwa Spika, Ngiri ni mwongo."

"Kuhusu utaratibu!" Ngiri huyo kasimama.

"Futa kauli," akasema Bi Pofu.

"Nafuta, Mheshimiwa Spika. Niseme tu kwamba Mheshimiwa Ngiri na ukweli hawajawahi kuonana, na siku wakionana itabidi mtu awatambulishe."

Baraza likaangua kicheko. Bi Pofu akagonga kwato. "Ukifuta, unafuta na kukaa. Hufuti kwa mguu mmoja."

Ngiri akapata zamu. "Mheshimiwa Spika, mimi naongea na mwizi wa mayai."

"Kuhusu utaratibu!"

"Futa kauli."

"Lakini kila mtu anajua anaiba, Mheshimiwa Spika!"

"Hata kama ni kweli," akasema Bi Pofu. "Hata kama yai liko mdomoni mwake sasa hivi. Humu ndani humwiti mwenzako mwizi. Ukitaka kumtuhumu, lete hoja yake mahsusi, na ushahidi uuweke mezani. Huna ushahidi, futa."

Ngiri akafuta. Nungunungu, karani wa baraza, akachomoa mwiba wake mmoja akaandika kwenye gome la mti: mwongo, marufuku, mwizi, marufuku. Huo ndio ukawa mwanzo wa orodha. Bi Pofu alipotazama kilima, jua lilikuwa limekwisha kukigusa, na Digidigi alikuwa bado amekaa pale pale, amenyoosha shingo.

Siku ya pili wakaja wamenolewa. Nguchiro akasimama kwa unyenyekevu mkubwa. "Mheshimiwa Spika, simtaji mtu. Yupo mnyama mmoja, sitaji jina, ambaye huingia nyumbani kwake kinyumenyume, matako kwanza, kwa kuogopa wanaomdai salamu."

Macho yote yakamgeukia Ngiri, maana ni yeye tu aingiaye shimoni hivyo.

"Kuhusu utaratibu!"

"Sijamtaja," akasema Nguchiro. "Kama kuna mheshimiwa amejiona humo, nampa pole."

Bi Pofu akafikiri. Akaamua kwamba kumsema mtu kwa mafumbo ni kumsema tu. Nungunungu akaandika.

Ngiri naye akaja na swali. "Naomba kuuliza tu, Mheshimiwa Spika. Jana alfajiri, Kanga alipokuwa akilia juu ya kiota kitupu, Mheshimiwa Nguchiro alikuwa wapi, na kwa nini alikuwa ameshiba?"

"Kuhusu utaratibu!"

Bi Pofu akaamua kwamba swali lenye tuhuma ndani yake ni tuhuma. Nungunungu akaandika.

Nguchiro akaja na nukuu. "Si maneno yangu, ni ya mama mkwe wa Mheshimiwa Ngiri. Yule mama alisema, nami nanukuu tu, kwamba binti yake aliolewa na gogo lenye meno."

"Kuhusu utaratibu!"

Bi Pofu akaamua kwamba anayenukuu tusi amelisema yeye. Nungunungu akaandika, na miba ikaanza kumpungua mgongoni. Jua likagusa kilima.

Jioni ile Bi Pofu alipokuwa akirudi kwake, ta, ta, ta, akawakuta Ngiri na Nguchiro kivulini. Ngiri amelala ubavu, Nguchiro yuko juu yake anamtoa kupe, na wote wawili wanacheka mpaka machozi.

"Ninyi!" akasema Bi Pofu. "Si ndio mlitaka kung'oana macho?"

"Aa, Mama, yale ni ya kule ndani," akasema Ngiri. "Tusipopigana madongo kidogo, nani atakuja kutusikiliza?"

"Na kisima?"

Nguchiro akapangusa mdomo. "Kisima kipi tena, Mama?"

Bi Pofu akawaacha, akashika njia. Alipofika kwake akamkuta Digidigi anamngoja, na mtoto amemwegemea.

"Mama Pofu, nitahitimisha lini?"

"Kesho, mwanangu. Nimefunga kila mlango. Hawana tena neno la kutukania."

Alisema hivyo akiamini. Maskini Bi Pofu! Alidhani kwa kuwafungia maneno amewafungia na midomo.

Siku ya tatu Nguchiro akasimama akitabasamu. "Mheshimiwa Spika, leo nimekuja kusifu. Namsifu Mheshimiwa Ngiri kwa sura yake. Mungu aliitengeneza mara moja, akaiona, hakurudia."

"Kuhusu utaratibu!"

Bi Pofu akamtazama Nungunungu. Nungunungu akapekua gome lake juu hadi chini, akatikisa kichwa. Sifa hazikuwamo.

"Nami namsifu Mheshimiwa Nguchiro," akasema Ngiri, "kwa huruma. Yai likipotea, yeye huwa wa kwanza kusikitika, hata kabla mwenye kiota hajajua."

Ikawa sifa kwa sifa, utaratibu kwa utaratibu, kicheko kwa kicheko. Bi Pofu aligonga kwato mpaka ikamuuma. Alitaka kupiga kelele, lakini Spika hapigi kelele. Alitaka kusema alivyokiona kisima kwa macho yake, lakini Spika hachangii hoja wala hapigi kura. Kazi yake ilikuwa kuamua nani kamkosea nani, na siku tatu nzima hakuna aliyekosewa ila wenye kiu.

Jua likabaki kiganja kimoja juu ya kilima. Bi Pofu akasimama. "Basi! Mjadala umefungwa. Mtoa hoja, hitimisha. Harakisha, mwanangu."

Digidigi akasimama. Midomo ilikuwa imempasuka kwa kiu. Alikuwa na hotuba aliyoikariri siku tatu, nzuri, yenye shukrani mwanzo na mwisho, lakini alipofungua kinywa haikutoka.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "kisima hakikuchimbwa na mtu. Tembo ameiba maji. Ni mwizi."

Vichwa vyote vikageukia kwa Tembo.

Ndipo Tembo aliposimama. Siku tatu zile hakuwa amesema neno. Hakutukana, hakucheka, hakusifu. "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika," akasema taratibu, kwa sauti ya heshima kabisa. "Mheshimiwa ametumia neno ambalo wewe mwenyewe umelipiga marufuku. Naomba mwongozo wako. Athibitishe au afute."

Bi Pofu akatazama gome la Nungunungu. Alikuwa amewaambia wote, hata kama ni kweli. Akimwachia Digidigi, kesho Ngiri atasema mbona mimi nilifuta? "Digidigi, una ushahidi wa kuweka mezani?"

"Ushahidi wangu umezungushiwa miba, Mheshimiwa Spika. Ningeweza kuufikia, nisingeleta hoja."

"Basi futa kauli."

"Sifuti."

"Futa kauli, mwanangu. Sema 'nafuta', ukae, tupige kura. Jua lipo bado."

"Nikisema nafuta, nitakuwa nimesema maji ni yake. Sifuti."

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho, futa kauli."

"Sifuti, Mheshimiwa Spika."

Kanuni ilikuwa wazi. Anayekataa kufuta hutolewa nje mpaka kikao kiishe. Mbuni, askari wa baraza, akasogea, lakini Digidigi hakungoja kushikwa. Alitoka mwenyewe, kichwa juu.

"Mtoa hoja hayupo," akasema Bi Pofu, na sauti yake haikufika mbali. "Hoja haikuhitimishwa. Imekufa."

"Namshukuru Mheshimiwa Spika," akasema Tembo, "kwa kulinda heshima ya baraza letu." Akaenda zake kunywa maji.

Bi Pofu akashuka kichuguuni, hakuaga mtu, wala hakurudi tena. Akafuata vikwato vidogo mchangani mpaka kichakani. Akamkuta Digidigi na mtoto wake wanalamba majani, jani moja moja, kutafuta unyevu uliojificha ndani. Akapiga magoti kando yao.

"Mwanangu, nilifuata kanuni."

"Najua, Mama," akasema Digidigi kwa upole. "Ulizifuata vizuri sana."

Bi Pofu, aliyekuwa na kanuni ya kila neno, hakupata ya kuzuia hilo. Akainamisha kichwa, akatafuna majani pamoja nao.

Ndiyo maana mpaka leo digidigi hangojei kisima. Maji yake huyapata kwenye majani na umande wa asubuhi, na pofu vivyo hivyo. Ngiri bado anaingia shimoni kinyumenyume, Nguchiro bado anamtoa kupe, na Tembo bado anaoga.

Funzo lenyewe ni hili: kanuni ya lugha hulishika neno chungu, mwenye neno tamu akapita. Mkiwa kwenye mikutano yenu, msimwangalie tu anayetukana. Mwangalieni na aliyekaa kimya akiwa na maji.

Nami nilikuwapo, nilibeba gome la Nungunungu. Hadithi nimeitua hapo, atakaye aibebe. Na wewe uliyesinzia tangu siku ya kwanza, nakusifu: hakuna msikilizaji aliyenipa amani kama wewe.