Shukrani za Sifaeli

Kwa miaka sita Elinaza Mbwambo alimlipia ada Sifaeli, mtoto wa dada yake, katika shule ya kulipia. Hakuwahi kusema anadai kitu. Lakini kila likizo ilimkuta kijana dukani kwa mjomba, akipakua saruji bila kupewa hata nauli.

Sifaeli alipochaguliwa kwenda chuo, mjomba alicheka. "Chuo cha nini? Duka linakungoja. Nani alikusomesha?"

"Ni wewe, mjomba. Basi nitakaa dukani. Ila niruhusu Jumapili nikushukuru kanisani, watu wajue."

Mjomba alishonesha suti mpya, akakaa benchi la mbele.

"Mjomba wangu amenilipia ada miaka sita," Sifaeli aliwaambia waumini. "Sasa nimepata nafasi chuo cha uhandisi. Jamani, mtu kama huyu anaweza kuniacha njiani?"

"Hawezi!" kanisa zima lilijibu. Kina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akashuka kumshika Elinaza mkono, akamwombea baraka.

Elinaza aliitikia "Amina" huku jasho likimtiririka, kisha akamwinamia mpwa wake.

"Mwisho wa kulipa lini?"

"Kesho, mjomba. Benki wanafungua saa mbili na nusu."