Kanga ya Sitaki

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana wahusika bado wanakatiza mitaani, Mwanahawa alikwenda kwenye sherehe ya kuzaliwa ya Devota, binti aliyependwa na darasa zima.

Devota akamshikisha gilasi ya soda iliyotiwa pombe kali. "Onja, shoga. Wote tumeonja. Au bado unanyonya?"

Wakacheka. Mwanahawa hakuwa na hamu ya pombe hata chembe. Alichoogopa ni Jumatatu: kukaa peke yake wakati wa mapumziko. Mkono ukapanda, gilasi ikafika mdomoni. Mdomo nao ukasema wenyewe:

"Sitaki, na nitabaki, mtu kamili ni mimi."

"Makubwa! Tumealika malenga," Devota akabeza.

Hapo Subira, jirani yake Mwanahawa, akatua gilasi. "Hata mimi sitaki. Yangu nilikuwa naimwaga kwenye chungu cha maua."

"Na wewe?" akashangaa mwingine. "Mimi pia!"

Kumbe "wote" walikuwa Devota na maua.

Jumamosi, kwenye kikao cha malezi ya vijana, Mwanahawa alikuja na doti ya kanga, machozi ya shukurani yakimlengalenga. Desturi yao pale, aliyeguswa na shairi humtunza aliyemgusa, mbele ya watu.

Bi Shemsa, mlezi wao, akanyoosha mkono. "Shairi nimetunga mimi. Beti kumi na nne!"

"Ukatukariria zote, dada, tukasinzia," akasema Kombo, mghani wa kikao. "Nani akumbuke beti kumi na nne na gilasi imemfika mdomoni? Mimi nilichagua ubeti mmoja, nikawaitikisha vijana kila Jumamosi, huku mmoja akishawishi na mwenzake akikataa, mpaka ulimi ukazoea."

Akaughani tena, na ukumbi ukaitikia mstari wa mwisho:

*Wakikucheka simama, thamani ni yako wewe,*
*Mwenye kukupenda vyema, hatakutaka ulewe,*
*Neno "sitaki" kusema, si woga wala kiwewe,*
*Sitaki, na nitabaki, mtu kamili ni mimi.*

"Vizuri," akasema Subira. "Lakini shairi halikusimama naye, nilisimama mimi. Angebaki peke yake, dakika ya pili angekunywa. Si kweli, Mwanahawa?"

Mwanahawa akainama. Ilikuwa kweli.

Mama yake, aliyeketi nyuma, akakohoa. "Jamani, mdomo uliosema ni wa nani? Mnamfundisha mtoto ajithamini, kisha mnamvua kanga! Mwanangu, jitande mwenyewe."

Ukumbi ukavuma. Doti ina vipande viwili, wadai ni wanne, na Mwanahawa anawashukuru wote. Akaikumbatia kanga bila kuikata, akawatazama mmoja mmoja, mpaka leo anawatazama.

Haya, nyie mliokaa hapa kimya kama hayawahusu: kanga ile, nani alistahili kutunzwa?