Kwa Nini Kundi la Ndiva Hurudia Tangazo kwa Herufi Zilizonyooka

Endeleeni kupukuchua maharage, masikio hayashiki kazi. Mmeniuliza kwa nini kwenye kundi letu la simu, tangazo likitumwa, kila mtu hulirudia kama lilivyo kabla hajajibu. Mnasema tunawajazia simu. Basi nitawaambia, ingawa naona haya.

Kulikuwa na wakati tulipokuwa hatufanyi hivyo. Mlinzi wa ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, alikuwa Mzee Mbonea. Awali alipiga baragumu kilimani kutuita kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, tukatoka na majembe kuziba na kuzibua. Simu zilipoingia milimani, tulimwambia baragumu limepitwa na wakati. Akajifunza kuandika uzeeni, herufi moja moja, kwa kidole kilichozoea jembe.

Alitangaza sana. Leo tope, kesho jani limeziba mlango wa maji. Tukamchoka, watu wa kutoshukuru sisi. Asubuhi moja akaandika: "Ndiva inavuja upande wa mashariki. Naomba watu kumi."

Mimi Nakijwa, bibi yenu, nilikuwa najiona mjanja wa simu. Nikajibu chini yake: "nDiVa InAvUjA uPaNdE wA mAsHaRiKi."

Sikuongeza neno lolote, na ubaya wake uko hapohapo. Unachukua maneno ya mtu yaleyale, unaweka herufi ndogo, kubwa, ndogo, kubwa, hadi mwisho. Anayejua akisoma anasikia sauti ikipanda na kushuka puani, kama mtoto anayebana pua na kumuigiza mwenzake. Jibu hilo ukiliweka peke yake halina maana. Likikaa chini ya maneno ya mwenyewe, kila mtu anajua ni nani anachekwa. Kundi zima likacheka, vikaragosi vya kucheka hadi machozi vikashuka kama mvua. Hakuna aliyechukua jembe.

Jioni Mzee Mbonea akaja uani kwangu, simu ameifunga kwenye leso.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie. Maneno yangu yamerudi yamevunjikavunjika. Simu imeharibika?"

Ningeweza kuomba radhi palepale. Badala yake nikamwambia, "Ni mtandao, Mzee. Mpelekee fundi." Akanishukuru! Alinishukuru, akateremka mjini kwa miguu siku ya pili yake, na magoti yake yale ya uzee.

Siku ya tatu akarudi. Hakupita kwangu, na kundini hakuandika kitu. Nilimwona kwa mbali akipanda ndivani peke yake na jembe begani, nikajiambia nitamfuata kesho. Kesho nikajificha jikoni, maana ningemtazama vipi? Kesho kutwa vilevile.

Siku ya saba ukuta wa mashariki ukabomoka. Maji yote yakateremka korongoni, na maharage yetu yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Tulipofika tulimkuta Mzee amekaa kwenye tope, mikono imechubuka, kiraka chake cha udongo na mawe kimekwenda na maji.

Mwenyekiti akafoka, "Mzee, mbona hukutuambia hali imekuwa mbaya?"

"Niliwaambia," akasema taratibu. "Mkanirudishia. Nilidhani simu ni mbovu. Fundi akaniambia, simu yako nzima, mzee, hapa unaigizwa. Akanihesabia herufi kubwa kumi na nne. Akasema simu haifanyi hivyo yenyewe, aliyeandika amebonyeza mshale wa herufi kubwa kila mara, moja baada ya nyingine. Nikasema, basi mtu huyo ana nafasi. Mara kumi na nne kidole chake kingeweza kuacha."

Hakunitazama. Afadhali angenitazama. Nikapiga magoti topeni mbele ya watu wote nikasema, "Ni mimi, Mzee. Na mtandao nao nilikudanganya." Akanijibu, "Najua, mwanangu. Shika jembe."

Msimu ule tulikula mihogo ya kuomba kwa jirani. Ukuta tuliujenga upya, ndiyo maana upande wa mashariki una mawe makubwa kuliko pande nyingine. Mzee hakutaka kuandika tena. Nikamwendea siku tatu mfululizo nikimsihi. Siku ya nne simu ikalia: "Kesho mlango wa maji."

Nikaandika chini yake, herufi zikiwa zimenyooka: "Kesho mlango wa maji. Tumesikia, Mzee." Kisha mwingine akaandika, na mwingine, hadi nyumba ya mwisho.

Na tangu siku hiyo, mtu wa ndiva akisema neno, tunamrudishia neno lake likiwa zima. Mzee Mbonea ameshalala, Mungu amrehemu. Na mkiona jina langu ndilo la kwanza kila mara, msiseme bibi ana bidii. Bado namjibu yeye.