Tunu, Kirumbe na Maneno ya Hondohondo

Hadithi iko mlangoni!
*Ifungulieni, tumeshakaa!*
Imekuja na hasira zake!
*Ziingie nazo, moto upo!*

Hapo kale, siku ambazo ndege walisema na watu wakaelewana, palikuwa na mke na mume. Mke aliitwa Tunu, mtu wa Bondeni. Mume aliitwa Kirumbe, mtu wa Mlimani. Kirumbe alishuka akamwoa Tunu, akajifunza lugha ya Bondeni neno kwa neno. Lakini maneno huja peke yake, jamani. Adabu yake hubaki nyuma.

Bondeni, jambo halisemwi likiwa uchi. Unauliza afya, unauliza wazee, unauliza shamba, halafu ndipo haja yako inachungulia. Ukitaka kukataa, husemi "hapana", maana utamvunjia mtu uso. Unasema, "Tutaona."

Mlimani kuna upepo. Watu huitana toka kilima hadi kilima, na neno refu hupotea njiani. Huko, ukimzungushia mkeo maneno, watu watauliza mmegombana lini. "Hapana" yao ni hapana, na mtu akikwambia jambo unamsadiki. Kutomsadiki ndiyo dharau.

Walipokuwa nyumba moja walielewana. Kirumbe akisema "Maji!", Tunu aliona macho yake yanacheka. Tunu akisema "Kuni nazo zimekuwa chache siku hizi," Kirumbe aliona anatazama shoka. Basi anakwenda kuchanja.

Kisha baba yake Kirumbe akaugua. Kirumbe akapanda Mlimani kuchunga ng'ombe wa mzee. Tunu akabaki na mama yake, Bi Mashavu, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumkataa. Wakamwomba Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa, awapelekee ujumbe.

"Nitabeba maneno, siongezi wala sipunguzi," alisema Hondohondo. "Lakini macho yenu siyabebi."

Akaruka, akaruka, akaruka. Akatua kisimani, Tunu akiteka maji na wanawake wenzake.

"Kirumbe anasema: Tunu. Tuma mbegu za mtama. Zile nyekundu. Upesi."

Wanawake wakatazamana. Tunu akahisi uso unawaka.

"Hakunisalimu! Mama yangu yu hai au kafa, hakuuliza! Kanitaja jina kavu, kama mjakazi!"

Na mtu wa Bondeni akikasirika hatukani. Huzidisha heshima. Akaleta mfuko wa mbegu, akamvika Hondohondo shingoni, akajibu: "Mwambie: Bwana mkubwa, mbegu ulizoamuru hizi hapa. Twashukuru umetukumbuka."

Hondohondo akaruka, akaruka, akaruka. Kirumbe akasikia, mkono ukasimama hewani.

"Bwana mkubwa? Mimi? Nimekuwa mgeni wa mke wangu?" Akautupa ule mfuko wa mbegu chini. Neno la kuuliza maana yake hakulituma. Naye Tunu hakutuma.

Siku zikapita. Ukoo wa Kirumbe ukataka kumwona mke wa kijana wao. Kirumbe akamtuma Hondohondo: "Tunu. Njoo mwezi ukiandama. Ukoo unakungoja."

Tunu akamtazama mama yake, asiyeweza kupanda hata kichuguu. Atamwachia nani? Akajibu vizuri kabisa, kama alivyolelewa: "Mwambie: nimefurahi mno kualikwa. Tutaona, Mungu akipenda."

Kirumbe akasikia, akafurahi. Amesema amefurahi! Akachinja mbuzi. Mashangazi wakapaka ukuta udongo mpya. Mwezi ukaandama. Wakangoja mchana, wakangoja jioni, wakangoja hadi nyama ikapoa. Shangazi mmoja akacheka puani.

Asubuhi Hondohondo akatua kisimani tena, mbele ya wale wale wanawake.

"Kirumbe anasema: Hukuja. Umeniaibisha. Kwa nini?"

Mtungi ulimponyoka Tunu ukapasuka. "Nilikataa kwa heshima zote, naye ananisuta kisimani! Mbele za watu! Kamwambie..." Akainama kuokota vigae. "Usimwambie kitu."

Bondeni kimya kama kile ni mlango uliobamizwa. Mlimani, mtu akinyamaza, maana yake jambo limekwisha. Kirumbe akadhani limekwisha, akaendelea kuchunga.

Ndipo mvua ikaja. Mto ukafura, ukala migomba, ukalamba njia. Tunu alikuwa na hasira ya kuita na hofu ya kutoita. Akatuma hivi:

"Mwambie: Mume wangu, hujambo? Baba hajambo? Ng'ombe hawajambo? Sisi hatujambo, ila mto umeanza kutuamkia mlangoni. Wewe usijisumbue, najua una kazi."

Mtoto yeyote wa Bondeni angesikia ukelele ndani ya maneno hayo. Angetupa jembe akakimbia.

Kirumbe akauliza, "Amesema nisijisumbue?"

"Amesema."

"Basi simdharau kwa kumbishia. Mwambie: Sawa. Siji."

Hondohondo akaruka kwenye mvua. Akamkuta Tunu ndani ya maji yaliyofika magotini, kambeba mama yake mgongoni.

"Kirumbe anasema: Sawa. Siji."

Jamani! Hata mimi ninayesimulia nataka kurusha kigoda hiki.

Usiku ule nyumba ilianguka. Majirani walimvuta Bi Mashavu juu ya paa la ghala, lakini nguzo ilikuwa imekwisha kumvunja mguu. Ghala nalo likainama, mtama wote ukaenda na maji.

Habari zilimfikia Kirumbe kwa wapita njia. Akashuka mbio hadi nyayo zikachubuka. Akamkuta Tunu amesimama penye matope palipokuwa nyumba.

"Umefuata nini?" alisema Tunu. "Nilikuita ukasema huji!"

"Uliniita lini? Nionyeshe neno 'njoo'!"

"Nilisema mto uko mlangoni!"

"Ukasema nisijisumbue! Nilikusadiki!"

"Nani anasadiki 'usijisumbue'? Mpumbavu gani?"

"Na nani anazama huku anauliza ng'ombe hawajambo?"

Wakapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Bi Mashavu, amelala mkekani mguu umefungwa vijiti, akasema, "Mmenichosha. Ulizaneni, au nyamazeni."

Tunu akapumua. "Kwenu, mke akitaka mumewe aje, husemaje?"

"Husema: njoo."

"Kavu hivyo?"

"Kavu hivyo. Ukinipamba kwa maneno, nadhani umenichoka. Uliponiita bwana mkubwa sikulala."

"Na wewe uliponirushia jina langu tupu, nilijiona mjakazi."

Kirumbe akashangaa. "Jina tupu Mlimani ni la mke na ndugu wa damu. Wengine wote tunawapa vyeo." Kisha akauliza, "Na 'tutaona' ni nini?"

"Ni hapana."

"Nilichinja mbuzi, Tunu!"

"Mama hawezi kupanda mlima, Kirumbe! Ungeuliza habari zake mara moja tu, ungejua!"

Kirumbe akapiga magoti matopeni mbele ya Bi Mashavu. "Shikamoo, mama. Mguu unaumaje?"

"Marahaba. Unauma sana," alisema Bi Mashavu.

"Sijakusamehe," alisema Tunu.

"Hilo nimelielewa. Limenyooka."

Akajenga nyumba mpya mbali na mto, Tunu akimpa miti bila neno la ziada. Hasira ilichukua muda mrefu kutoka. Mguu wa mama ulipona umepinda, na kila Tunu akiuona, ilirudi kidogo.

Kirumbe alipopanda tena Mlimani, Hondohondo alimletea Tunu ujumbe mrefu hadi akapaliwa: Mama hajambo? Mguu je? Mtama umeota? Majirani je? Umelalaje?

Tunu akasikiliza wote. Mawingu yalikuwa yakikusanyika.

"Mwambie: Njoo."

"Basi?"

"Basi."

Na mvua ilipoanza, Kirumbe alikuwa mlangoni, amelowa, anasalimia.

Ninyi mlioolewa na kuoa mbali, sikieni: neno la mwenzio likikuchoma, uliza kwao maana yake nini kabla hujajibu. Hadithi nimeitua hapa, anayeitaka aibebe. Nami nina njaa, nasema Kimlimani: leteni ugali!