Hotuba ya Dakika Tatu

"Hivi, dada, huwa unazungumza na nani humo ndani?"

Jirani yake, mshona nguo wa mlango wa pili, alimwuliza hivyo siku moja walipokuwa wakianika nguo uani. Bi Karani alibana shuka kwa kibanio, akatabasamu kidogo, akajibu, "Na karatasi."

Hakuwa akitania. Hotuba, kama alivyozoea kusema, hupimwa kwa mdomo wala si kwa macho. Neno linaweza kupendeza kwenye karatasi kama ua, lakini likifika ulimini likawa mwiba. Kwa hiyo kila alichoandika alikisoma kwa sauti, amesimama katikati ya chumba, akiitazama saa ya ukutani. Zamani mumewe ndiye aliyekuwa akimsikiliza kutoka kitini, akisema, "Hapo umerefusha," au, "Hapo watapiga makofi." Mola alimchukua miaka sita iliyopita. Kiti kilibaki, na Bi Karani akabaki anasomea ukuta.

Kwa miaka ishirini na saba alikuwa karani wa chuo cha ufundi cha mji ule. Hotuba za wakuu, za wenyeviti, za wawakilishi wa wazazi, zote zilipita mikononi mwake. Walimu walimtania kwamba angeweza kumwandikia hata bubu akapigiwa makofi. Alipostaafu, mkuu wa zamani aliendelea kumtumia kazi nyumbani. Kisha naye akastaafu, akaja mkuu mpya asiyemjua, na mlango wa Bi Karani ukanyamaza. Miezi saba ilipita bila mtu wa chuo kubisha hodi. Alikwenda ibadani, akarudi, akapika chakula cha mtu mmoja, akakila akiwa amesimama. Habari za mji zilimfikia zikiwa zimepoa, na nyingine hazikumfikia kabisa.

Ndiyo maana, tarishi wa chuo alipobisha Jumatano mchana, Bi Karani alifunga mtandio vizuri kabla ya kufungua, kana kwamba anampokea mkwe.

"Mkuu mpya ameulizia nani huandika hotuba," tarishi alisema. "Nikamwambia hakuna mwingine ila wewe. Usiniangushe, Bi Karani."

Alimpa kikaratasi. Kiliandikwa kwa haraka: Hotuba fupi kwa wahitimu. Dakika tatu. Ijumaa saa tatu asubuhi. Chini yake palikuwa na namba ya simu, na maneno mawili: Kwa maswali.

"Nani ataisoma?"

"Sikuambiwa."

"Na shughuli yenyewe ikoje? Ni ya furaha kubwa, au ya kawaida tu?"

"Mama yangu, mimi ni miguu tu. Kichwa kiko ofisini," tarishi alijibu, naye alikuwa ameshaanza kuondoka. "Nitaifuata kesho jioni."

Jirani alisikia yote kutoka kwenye cherehani yake, akachungulia. "Si namba hiyo hapo? Piga uulize. Simu haing'ati."

"Nipige niseme nini? Kwamba karani wa miaka ishirini na saba hajui kuandika hotuba ya mahafali? Watasema bibi kazeeka, watafute kijana wa kompyuta. Huu ndio mlango wangu wa mwisho, dada. Ukifungwa huu, sina mwingine."

"Mimi mteja akiniletea kitambaa bila vipimo, sikati."

"Kitambaa kina mwili mmoja. Maneno unaweza kuyashona yamkae kila mtu."

Jirani alirudi kwenye cherehani yake, ila si kwamba alikuwa amekubali.

Jioni ile Bi Karani aliandika hotuba yake ya kwanza, nayo ilimtoka kama maji ya bomba. "Wazazi wenzangu, leo ni siku ya shangwe." Aliisoma kwa sauti, akajikuta anaitilia shaka kwenye neno la pili tu. Wazazi wenzangu? Je, msomaji akiwa mwenyekiti wa bodi ambaye hana mtoto? Au mwalimu? Au mwenye kiwanda aliyealikwa? Akalipiga mstari. Alipofika kwenye "shangwe" akasita tena. Kuna mwaka ambao nusu ya wanafunzi walikuwa wamefeli, na msemaji akawaamuru watu wacheke. Ukumbi ukamtazama kama mtu aliyekuja na ngoma matangani. Akalipiga mstari nalo.

Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri, aliketi upya. Alikuwa fundi, na fundi hakosi njia. Aliondoa kila neno lililomtaja msemaji: hapakuwa na "kama mwalimu wenu", wala "sisi tuliowalea", wala "nilipokuwa mwanafunzi hapa". Aliondoa utani, kwa sababu utani humhitaji mwenyewe. Aliondoa pole na hongera za kupindukia, zote mbili. "Mlipoingia hapa miaka miwili iliyopita" akaigeuza ikawa "Mlipoingia hapa", kwa maana hakujua ni kozi ya muda gani. Juu kabisa aliacha mistari miwili mitupu, akaandika kwa penseli: Jitambulishe na salimia mwenyewe. Katikati akaweka alama ndogo: Hapa pumua.

Kilichobaki ni yale ambayo ni kweli kwa mhitimu yeyote, yakitamkwa na mtu yeyote. Kwamba mikono iliyokuja laini sasa ina sugu. Kwamba kazi nzuri huonekana siku ambayo fundi hayupo kuitetea. Kwamba kuna mtu aliamka mapema kwa ajili yao, nao wasimsahau. Kisha dua fupi ambayo mtu wa dini yoyote angeweza kuitikia. Maneno mia tatu kasoro kidogo. Alisoma polepole, kama anavyosoma mtu asiyezoea jukwaa, na saa ikampa dakika tatu na nukta chache.

Hata hivyo sentensi moja ilimshinda kuikata. Ilikuwa karibu na mwisho: "Leo mtakaporudi nyumbani, kila mlango utafunguliwa na mtu aliyekuwa akiwasubiri." Hii haikutoka kwenye ufundi wake. Ilitoka kwenye kiti kitupu kilichokuwa mbele yake. Aliisoma mara tano. Nani mhitimu asiyesubiriwa nyumbani? alijiuliza. Akaiacha.

Mchana alikitazama kile kikaratasi, akainua simu, akabonyeza tarakimu tatu za mwanzo. Kidole kikasita. Akamwona akilini mkuu mpya, ambaye hakumjua hata sura, akitabasamu upande mmoja. Akairudisha simu mezani. Jioni tarishi alipofika, hotuba ilikuwa kwenye bahasha, imepigwa chapa, haina doa.

"Inamfaa yeyote," Bi Karani alimwambia.

"Nilijua tu," tarishi akasema.

Ijumaa alivaa gauni lake la kijivu, akaenda chuoni, akaketi safu ya nyuma kabisa. Alikuwa mtu wa kuangalia, na hakukaa muda mrefu kabla ya kuona mambo hayako sawa. Hapakuwa na muziki. Wahitimu walinong'ona badala ya kupiga kelele. Kwenye safu ya mbele, katikati yao, kulikuwa na kiti kisicho na mtu, na juu ya kiti joho lililokunjwa vizuri, na juu ya joho kofia.

Akamgusa mwanamke aliyekaa kando yake. "Samahani, mama. Kile kiti ni cha nani?"

"Kwani hukusikia? Yule kijana wa umeme. Alianguka kutoka kwenye nguzo akiwa mazoezini, akafariki, wiki tano sasa. Baba yake ndiye atakayezungumza."

Jukwaani mwanamume wa makamo, mwashi kwa kazi, alikuwa ameshakishika kipaza sauti kwa mikono yenye nyufa. Bi Karani aliinuka. Tarishi, aliyesimama mlangoni, akamwashiria. "Kaa, Bi Karani, ameshaanza."

Akakaa.

Mwashi alitaja jina lake, akasalimia kwa sauti ndogo. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye mikono laini iliyoota sugu, aliangalia mikono yake mwenyewe, na watu wakainamisha vichwa. Kwenye kazi inayoonekana siku ambayo fundi hayupo, mwalimu mmoja alifuta macho. Palipoandikwa apumue, alipumua. Maneno yalimkaa kama yaliyopimwa mwilini mwake, na kwa muda mfupi Bi Karani alidhani Mungu amemsitiri.

"Leo mtakaporudi nyumbani," mwashi alisoma, "kila mlango utafunguliwa na mtu..."

Kidole kikasimama. Midomo ilicheza bila sauti. Alirudi mwanzo wa sentensi, kama mtu anayedhani amesoma vibaya, akakuta imeandikwa vilevile. Alikitazama kile kiti. Alishusha karatasi, ikakwaruza kipaza sauti, na ukumbi mzima ukaisikia. Mwishowe aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Dua hakuifikia. Mkuu mpya alimshika bega, akamsaidia kushuka.

Bi Karani alibaki kitini hata watu walipoanza kutoka. Angeweza kuondoka kimyakimya, lakini aliona haya mbele za Mungu kukimbia. Mwashi alipokuwa akipita, Bi Karani aliinuka, akasimama mbele yake.

"Baba, mimi ndiye niliyeandika. Nakuomba radhi. Sikujua."

Mwashi alimtazama. Hasira haikuwepo usoni pake, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Maneno yako ni mazuri, mama. Mimi nisingeweza. Ila mlango wetu alikuwa akiufungua yeye. Mama yake alishatangulia, nami hurudi kazini usiku. Tulikuwa wawili tu."

"Ningejua..."

"Ile namba kwenye kikaratasi ilikuwa yangu," mwashi alisema. "Mkuu aliniambia mwandishi atanipigia aniulize habari zake. Jana sikwenda kazini. Nilikaa na simu mkononi kutwa nzima. Tangu tumzike, watu wanaogopa kumtaja mbele yangu. Nikasema, leo kuna mtu ataniuliza mwanangu alikuwa mtu wa namna gani." Akaigusa simu mfukoni. "Nilikuwa nimeshapanga nianzie wapi."

Bi Karani aliona simu mbili, moja juu ya meza yake, nyingine mkononi mwa mtu huyu, na kati yake nyumba mbili zenye kimya kilekile. Naye alikuwa ameukinga uzee wake na aibu ya dakika moja, akamtia mwenzake katika aibu ya ukumbi mzima.

Mwashi akaitoa karatasi mfukoni, akaiweka mkononi mwa Bi Karani kwa upole, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani.

"Kuuliza si ujinga, mama," akasema, kisha akageuka, akatoka ukumbini.