Shimo Tupu la Nambua

Shikeni majembe, wanaushirika wa Mkomba, lakini msipige chini kwanza. Zamani za mababu wa mababu zetu, bonde hili likiwa bado halina jina, aliishi humu Nambua binti Kajiru, wa ukoo wa wafua chuma, Mvunja Miamba, mwanamke asiyeinamia mtu, aliyeinamia jembe tu.

Miaka miwili mvua ilikatika. Mshitu, bwana wa ng'ambo ya mlima, mwenye maghala yaliyofurika, akatuma tarishi: "Mwezi ujao ukiandama na shamba lenu halina jani, mtakuja kunilimia mimi, ninyi na watoto wenu."

"Kamwambie watoto wetu si majembe yake," Nambua akajibu.

Kila nyumba ilikuwa imebakiwa na mtama wa kujaza kiganja. Kila mtu angepanda kwake, ndege wangeumaliza. Basi Nambua akaumwaga wote katika ungo mmoja, wapande shamba moja kwa siku moja, wapalilie kwa zamu na kuamia ndege kwa zamu. Mvua ya kwanza ilipodondoka watu wakakurupuka. Akawazuia kwa mpini wa jembe mpaka udongo ulipolowa kina cha mkono hadi kiwiko. Ndipo wakajipanga bega kwa bega, shimo kila hatua, kina cha pingili mbili za kidole, punje nne, udongo ukarudishwa bila kushindiliwa.

Siku ya nne hakukuwa na kitu. Tarishi wa Mshitu, aliyerudi kuchungulia, alikaa kando ya shamba akicheka: "Mtama mmeuzika, sasa fanyeni matanga!" Watu wakaanza kunong'ona, afadhali wafukue kilichobaki wawapikie watoto uji. Nambua aliwafokea, lakini moyoni aliogopa kuliko wote. Alfajiri ya siku ya tano, akiwa peke yake, Mvunja Miamba akapiga magoti akafukua shimo moja.

Punje zilikuwa zimechipua. Vijizizi vyeupe, vyembamba kama uzi, vilikatikia vidoleni mwake.

Alilia. Angeweza kufukia akanyamaza, hakuna aliyemwona. Wenzake walipofika akawanyooshea kiganja.

"Tazameni! Zilikuwa hai. Nimeziua mimi, kwa kukosa subira. Anayetaka kufukua jingine, anizike mimi kwanza!"

Kisha akamgeukia tarishi, na bonde zima likanguruma pamoja naye: "Tumefukia, hatufukui!"

Siku ya saba shamba likatoboka kijani, mstari kwa mstari, isipokuwa shimo moja. Tarishi akaondoka bila kuaga, na hakuna mtoto wa Mkomba aliyewahi kumlimia Mshitu.

Nambua alipofikiwa na mauti, mkongwe, mikono ingali na sugu, aliomba jambo moja: shimo lake lisipandwe kamwe. Ndilo hilo hapo mbele yenu. Tumelipita tupu kila msimu, na mwaka huu tutalipita.

Wapo wanaotucheka leo. Wacheni wacheke. Udongo umelowa hadi kiwiko, nimepima mwenyewe. Ungo ni mmoja, mstari ni mmoja. Semeni sasa, wasikie hadi ng'ambo ya mlima: tumefukia!