Fisi Aliyedai Pombe ya Mwezi Mzima

Mpo?

Tupo.

Niseme au nimeze?

Sema, masikio tumekuja nayo.

Basi palikuwa na nguchiro jike, jina lake Sikitu. Mumewe aliitwa Kibwana. Walilima alizeti, na Kibwana alikuwa hodari wa jembe, ila alinaswa na kibuyu cha Fisi, muuza pombe wa kijiji. Fisi hakumfukuza mteja asiye na pesa. Alicheka, hii-hii-hii, akasema, "Kunywa, bwana. Utalipa mavuno yakifika."

Kibwana akanywa, gudu-gudu-gudu. Akauza jembe, akanywa. Akauza blanketi la watoto, akanywa. Akauza mbegu, akanywa.

Sikitu alikuwa mjanja, akajaribu ujanja wake wote. Alificha pesa ndani ya unga, Kibwana akaziona. Alizifukia chini ya mafiga, Kibwana akaziona. Alimwaga pombe, Kibwana akakopa nyingine. Majirani wakiuliza mbona mumeo haonekani shambani, hujibu, "Ana homa." Wakwe wakiuliza, "Ana homa." Homa hiyo ilidumu miaka miwili, na aliyekonda ni Sikitu.

Siku moja binti yao Mwanaidi alirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa mchango wa uji. Alikaa mlangoni, hakulia. Jirani alipopita na kumuuliza baba yuko wapi, mtoto alijibu, "Ana homa."

Sikitu aliposikia uongo wake kinywani mwa mtoto, alijifunga kanga akaenda kwa Bibi Pelele, mjane ambaye marehemu mumewe naye alikuwa mlevi.

"Mwanangu," Bibi Pelele alisema, "wewe hukumnywesha, na kwa kuficha pesa hutamwachisha. Ila uongo unaweza kuuacha. Sema naye asubuhi, kichwa kikiwa chepesi. Mtu aliyelewa habishani, pombe ndiyo inayobishana. Na siku akiinua mkono, usingoje. Chukua watoto uje hapa. Alhamisi pia uje, tunakaa wake wa walevi, tunaambiana."

Asubuhi Sikitu alimwekea mumewe uji, akakaa mbele yake. "Baba Mwanaidi, naogopa. Mbegu za msimu ujao zimekwisha, mtoto amerudishwa. Sitakutukana. Lakini sitasema tena una homa."

"Umeanza kunitangaza?" Kibwana alijibu, akaondoka.

Sikitu alisema naye tena siku ya pili. Kibwana akaondoka. Akasema naye siku ya tatu. Siku ya nne Kibwana alibaki. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na uji ulimwagika.

"Unadhani sitaki kuacha?" alisema taratibu. "Nikiacha, mwili wote unatetemeka."

Wakaenda kwa tabibu Kobe. Kobe alimtazama sana. "Usiikate ghafla ukiwa peke yako," alisema. "Mwili uliozoea huweza kuangushwa na kifafa. Lala hapa nikuangalie."

Kabla hajalala, Kibwana alikubali mbele ya Bibi Pelele kwamba alizeti aliyoilima Sikitu msimu ule itawekwa ghalani mwa akina mama wa Alhamisi, na pesa zake apewe Sikitu. Kisha akalala kwa Kobe siku kumi na mbili.

Mavuno yakafika, na Fisi akafika. "Magunia yote kumi ni yangu," alisema.

Sikitu alijibu kwa adabu. "Deni la kweli litalipwa, baba. Njoo ulitaje barazani."

Barazani Sikitu akauliza, "Alikunywa kila siku?"

"Kila siku, vibuyu vitatu."

"Hata mvua ilipofunga njia?"

"Hata siku hizo."

Fisi alikwisha kunusa magunia, mate yakamtoka.

"Hata mwezi uliopita?"

"Mwezi mzima. Hakukosa hata siku moja."

Kobe akanyoosha shingo polepole. "Siku kumi na mbili za mwezi huo alilala kwangu. Kikombe cha uji kilimshinda kushika."

Kisha mke wa Ngiri, mmoja wa akina mama wa Alhamisi, akasimama. "Na wangu je, Fisi, ulimhesabia hivyo hivyo?" Akasimama wa pili. Akasimama wa tatu. Baraza likaamua Fisi alipwe gunia moja tu, na asikopeshe tena pombe kwa mavuno ya mtu. Fisi aliondoka, mkia katikati ya miguu.

Kibwana alianguka tena mara mbili mwaka ule. Majirani walipouliza, Sikitu alisema, "Amekunywa," akamrudisha kwa Kobe. Alhamisi yeye huenda, mume awe mzima au amelewa. Hasemi kwamba Kibwana amepona. Husema, "Leo hakunywa."

Funzo la ngano hii ni kwamba mke mwema hufunika siri ya nyumba yake. Sikitu angeifunika vizuri, Fisi angekuwa tajiri hadi leo, na majirani wangekuwa bado wanamwombea dua mgonjwa wa homa.

Mimi nimetua. Mwenye kichwa ajitwike.